Umelazwa kwa dharura hospitali iliyo nje ya paneli ya bima: jinsi ya kudai pesa zako, hatua kwa hatua

Nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa bima hapa Mombasa. Faili nyingi ninazolazimika kuwarudishia wenyewe zina kasoro moja. Mgonjwa alikuwa na haki ya kulipwa, familia ilikwishatoa pesa mfukoni, lakini karatasi walizoleta hazionyeshi dharura ilianza saa ngapi na iliisha lini. Kampuni inalipa nusu, au hailipi kabisa, na watu wanaondoka wakiamini wameibiwa.

Mwongozo huu ni wa bima binafsi ya afya nchini Kenya, ile ya kulazwa, yenye orodha ya hospitali ambazo kampuni imeingia nazo mkataba. Orodha hiyo ndiyo tunayoiita paneli. Ukilazwa ndani ya paneli, hospitali huidai kampuni moja kwa moja. Ukilazwa nje yake, kwa kawaida unalipa wewe kwanza, kisha unadai urejeshewe.

Katika madai ya aina hii kampuni huuliza maswali mawili kabla ya kugusa hesabu. Je, hii ilikuwa dharura kweli? Na kama ilikuwa, iliisha lini? Kila hatua iliyo hapa chini ni ya kutafuta ushahidi wa kujibu maswali hayo.

## Vitu vya kuwa navyo

Kabla ya ugonjwa: picha ya kadi ya bima kwenye simu yako na kwenye simu ya mtu mmoja unayemwamini, namba ya simu ya dharura ya kampuni (mara nyingi iko nyuma ya kadi), na nakala ya mkataba wenyewe. Wengi wana kadi bila mkataba. Ukiwa na bima ya kazini, ofisi ya wafanyakazi inao; waombe wakutumie kurasa tatu tu: ukurasa wa viwango, ukurasa wenye maana ya neno "dharura", na ukurasa unaozungumzia hospitali zisizo kwenye paneli.

Ukiwa hospitalini: kitambulisho, kalamu, daftari dogo, na bahasha moja ambayo kila karatasi itaingia humo bila kukunjwakunjwa. Usiidharau bahasha. Stakabadhi ya maabara iliyopotea haitafutwi na mtu mwingine isipokuwa wewe.

## Hatua ya 1: Mgonjwa aonwe kwanza

Mtu akianguka, akikosa pumzi, akitoka damu nyingi, akishikwa na degedege au maumivu ya kifua, mpeleke hospitali iliyo karibu inayoweza kumtibu. Usianze kuzunguka mji ukitafuta hospitali ya paneli. Hakuna mkataba wa bima wa maana unaomtaka mgonjwa mahututi azungushwe, na kuchelewa huko kunaweza kukugharimu kitu ambacho bima hairudishi.

Sheria iko upande wako mlangoni. Katiba ya Kenya, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 7, inaeleza kwamba matibabu hayo ni pamoja na kuituliza hali ya mgonjwa na, ikibidi, kupanga apelekwe kwingine. Kituo chenye uwezo kikikataa kinaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Kwa hiyo wakikuambia lipa kwanza ndipo aguswe, taja kifungu hicho kwa utulivu na umwombe msimamizi wa zamu aje.

Lakini elewa mpaka wa haki hiyo. Inakulinda usikataliwe huduma ya kuokoa maisha. Haisemi kwamba huduma hiyo ni ya bure, na haiilazimishi kampuni yako ya bima kulipa bili yote.

Umefanikiwa ikiwa mgonjwa ameandikishwa kitengo cha dharura na saa aliyofika imeandikwa kwenye karatasi ya mapokezi. Itazame kwa macho yako, maana saa hiyo ndiyo mwanzo wa madai yako.

## Hatua ya 2: Piga simu kwa kampuni kabla saa 24 hazijaisha

Mikataba mingi hutoa saa 24, mingine 48, za kuijulisha kampuni kwamba mtu amelazwa kwa dharura. Usingoje kujua ni saa ngapi zako. Piga ndani ya 24. Anayepiga si lazima awe mgonjwa. Mume, mke, dada, au hata jirani aliyemleta anaweza.

Sema mambo haya kwa mpangilio: jina la mgonjwa na namba ya uanachama, hospitali na mji, saa aliyofika, dalili alizokuja nazo, na kwa nini hakupelekwa hospitali ya paneli. Kisha omba mambo mawili, kama alivyofanya mume mmoja niliyemsaidia:

"Dada, naomba namba ya kumbukumbu ya simu hii, na jina lako. Halafu nakuomba unitumie ujumbe mfupi au barua pepe kwamba mmepokea taarifa."

Simu isiyoacha alama yoyote ni sawa na simu ambayo haikupigwa. Nimeona dai likikataliwa kwa "kutojulisha kwa wakati" ilhali mwenyewe alipiga mara tatu. Hakuwa na namba, hakuwa na jina, na kampuni haikuwa na kumbukumbu. Laini ikiwa haishikwi saa nane usiku, andika ujumbe au barua pepe papo hapo. Hata kama utajibiwa asubuhi, saa ya kutumwa itaonekana.

Umefanikiwa ukiwa na namba ya kumbukumbu, au barua pepe yenye saa.

## Hatua ya 3: Omba barua ya dhamana kabla ya kutoa pesa

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Hospitali kuwa nje ya paneli hakumaanishi kampuni haiwezi kuilipa moja kwa moja. Kampuni inaweza, kwa kesi hiyo moja, kuandika barua ya dhamana ya malipo kwa hospitali, ikitaja kiasi cha juu itakacholipa. Hospitali nyingine hukubali, hasa kampuni ikiwa kubwa na hospitali ikiwa na ofisi ya bima. Nyingine hukataa kwa sababu hazina mkataba na kampuni hiyo na haziko tayari kusubiri pesa.

Omba tu. Mwambie mhudumu wa simu: "Naomba mzungumze na hospitali hii muone kama mnaweza kuwapa barua ya dhamana." Kisha nenda ofisi ya bili ya hospitali uwaambie watarajie simu.

Ikishindikana utatakiwa kutoa malipo ya awali. Lipa kwa M-Pesa, kadi au benki, si kwa noti mkononi, ili njia ya pesa ibaki na ushahidi. Chukua stakabadhi ya kila kiasi, na jina litakaloandikwa liwe la mgonjwa hata kama aliyelipa ni mjomba.

Hapa pia ulizia SHA. Mikataba mingi ya bima binafsi hudhani kwamba sehemu ya Mamlaka ya Afya ya Jamii imetolewa kwanza, halafu kampuni inalipa kinachobaki. Kama hospitali ina mkataba na SHA na nyinyi hamkumtambulisha mgonjwa kwenye mfumo wao, kampuni inaweza kukata sehemu hiyo vilevile, na pengo likabaki kwenu. Kama hospitali haina mkataba na SHA, iombe iandike hivyo kwa barua fupi yenye muhuri.

## Hatua ya 4: Daktari aandike kilichoifanya iwe dharura

Hapa ndipo dai hushinda au kushindwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Anayepitia dai lako hakumwona mgonjwa akijikunja kwa maumivu. Ana karatasi tu. Karatasi ikisema "maumivu ya tumbo, alilazwa, alitibiwa", yeye atajiuliza kwa nini mtu mwenye maumivu ya tumbo hakwenda hospitali ya paneli. Karatasi ikisema "maumivu makali upande wa chini kulia kwa saa 14, homa nyuzi 38.9, kutapika, tumbo limekakamaa, ultrasaundi inaonyesha kidole tumbo kimevimba na kuna dalili za kupasuka, upasuaji hauwezi kusubiri", hana swali tena.

Ugonjwa ni uleule na mgonjwa ni yuleyule. Tofauti ni maneno ya daktari.

Kampuni huangalia dalili zilizokuwepo mgonjwa alipofika, si jina la ugonjwa lililojulikana baadaye. Hili huwaumiza watu kwa njia mbili. Malaria inaweza kuwa dharura, lakini neno "malaria" peke yake halitoshi. Kinachotakiwa ni kwamba mgonjwa alikuwa amepoteza fahamu, au amedegedeka, au sukari yake ilishuka sana. Upande wa pili, maumivu ya kifua yaliyokuja kugundulika kuwa ni asidi ya tumbo bado yalikuwa dharura pale mlangoni, kwa sababu hakuna mtu wa kawaida anayeweza kujua kwamba si moyo. Dai la namna hiyo likikataliwa, pingeni uamuzi huo.

Mwombe daktari anayetibu aandike mambo manne katika ripoti yake:

1. Saa mgonjwa alipofika na hali yake: joto, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, fahamu.
2. Hatari iliyokuwepo kama angecheleweshwa.
3. Kwa nini hakuweza kusafirishwa wakati huo kwenda hospitali nyingine.
4. Tarehe na saa hali yake ilipotulia.

Mwombe mapema, akiwa bado anamwona mgonjwa wodini. Wiki tatu baadaye ataandika kwa kukumbuka, na itaonekana.

Tahadhari: usimwombe daktari aongeze lisilokuwepo wala abadilishe tarehe. Maelezo ya wauguzi, karatasi za maabara na ripoti ya daktari husomwa kwa pamoja, na saa zisipolingana dai zima huingia kwenye uchunguzi wa udanganyifu. Hata ile sehemu ya kweli inakwama.

## Hatua ya 5: Jua siku dharura inapoisha

Kinga ya hospitali iliyo nje ya paneli si ya muda wote wa kulazwa. Kwa kawaida huishia pale mgonjwa anapotulia kiasi cha kuweza kuhamishwa salama. Baada ya hapo kampuni itasema: sasa mlete kwetu.

Watu wengi hawajui hili. Mgonjwa anapasuliwa Jumatatu, Jumatano anakaa kitandani akinywa uji, familia inaona huduma ni nzuri, wanabaki mpaka Jumatatu inayofuata. Kampuni inalipa siku tatu, nyinyi mnalipa nne.

Kwa hiyo siku ya pili, piga simu tena. Uliza swali hili wazi: "Mnataka ahamishwe, au mnakubali amalizie hapa?" Majibu ni ya aina tatu.

Wakisema ahamishwe, waulize nani analipa ambulensi na hospitali gani ya paneli ina kitanda. Mara nyingi kampuni ikitaka mgonjwa ahamishwe hugharamia usafiri yenyewe, lakini hakikisha limeandikwa. Daktari wako naye lazima akubali kwamba safari ni salama. Akisema si salama, aandike, na umpelekee mhudumu wa bima karatasi hiyo siku hiyohiyo.

Wakisema abaki, omba waandike. Ruhusa ya mdomo huyeyuka.

Wasipojibu, tuma barua pepe fupi. Hii hapa unaweza kuinakili:

*"Namba ya uanachama …, kumbukumbu ya simu ya tarehe … namba …. Mgonjwa bado amelazwa hospitali ya …. Daktari anasema hali yake leo ni …. Naomba mnielekeze kama ahamishiwe hospitali ya paneli au amalizie matibabu hapa. Kama sitapata maelekezo leo, ataendelea na matibabu hapa kwa ushauri wa daktari."*

Barua hiyo haiwalazimishi kulipa. Inaonyesha kwamba uliuliza kwa wakati na wao wakanyamaza, na katika rufaa jambo hilo lina uzito mkubwa.

## Hatua ya 6: Usitoke hospitalini bila karatasi hizi

Siku ya kuruhusiwa kila mtu ana haraka ya kufika nyumbani. Mtu mmoja abaki ofisi ya bili mpaka bahasha itimie:

- fomu ya madai ya kampuni, iliyojazwa na kutiwa sahihi na daktari, yenye muhuri wa hospitali
- muhtasari wa kuruhusiwa, wenye tarehe ya kuingia na ya kutoka
- ripoti ya daktari ya hatua ya 4
- ankara yenye mchanganuo, kila dawa na kila kipimo mstari wake, na bei yake
- stakabadhi halisi za malipo yote
- majibu ya maabara na ripoti za picha
- nakala za kitambulisho na kadi, na maelezo ya akaunti ya benki

Ikiwa ni ajali ya barabarani au shambulio, ongeza ripoti fupi ya polisi. Kampuni nyingi sasa huomba pia ankara iliyotolewa kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa hiyo iulizie kabla hujaondoka.

Fomu ya madai si lazima uifuate ofisini. Waombe wakutumie kwa barua pepe siku ya pili ya kulazwa, uichapishe, umpelekee daktari wakati wa mzunguko wake wa asubuhi. Kumfuata daktari wa upasuaji baada ya kuruhusiwa ni kazi ya siku kadhaa.

Soma ankara mstari kwa mstari. Neno la kuogopa ni "vifaa mbalimbali". Mstari wa namna hiyo usio na maelezo kampuni huuzuia. Omba waufungue pale pale.

Piga picha kila ukurasa. Karatasi halisi zikipotea njiani, hospitali inaweza kukupa nakala zilizothibitishwa kwa muhuri, lakini utalazimika kueleza kwa maandishi zile za kwanza zilikwenda wapi.

## Hatua ya 7: Peleka dai na upokee uthibitisho

Mikataba huweka siku ya mwisho ya kupeleka dai, kwa kawaida kati ya siku 30 na 90 tangu kuruhusiwa. Chukulia kwamba yako ni 30 mpaka uisome. Ndani ya wiki mbili ni bora zaidi, kwa sababu wakikosa karatasi moja unakuwa na muda wa kuitafuta.

Weka juu ya bahasha barua ya nusu ukurasa: mgonjwa ni nani, alifika lini na saa ngapi, namba ya kumbukumbu ya simu, jumla unayodai, na orodha ya viambatisho. Ukipeleka kwa mkono, nakala yako ipigwe muhuri wa mapokezi. Ukituma kwa barua pepe, subiri namba ya dai. Bila namba hiyo dai bado halijaingia.

## Hatua ya 8: Elewa hesabu itakavyofanywa

Wengi hudhani kwamba dai likikubaliwa, bili yote inarudi. Haiko hivyo. Mikataba mingi inasema kampuni italipa kiasi ambacho ingelipa kama mgonjwa angelazwa hospitali ya paneli ya kiwango sawa. Mingine inalipa asilimia fulani, kwa mfano 80, ya gharama zinazokubalika. Soma yako inasema nini.

Tuchukue mfano, nilioutunga kutokana na sura ya madai ninayoyaona. Mwalimu anasafiri kwa basi kutoka Nairobi kuja Mombasa. Njiani tumbo linamkamata vibaya, wanamshusha Voi. Hospitali ya paneli iliyo karibu iko Mombasa, kilomita zipatazo 150 mbele. Anapasuliwa kidole tumbo hospitali binafsi ya hapo na kulala siku 4. Kinga yake ya kulazwa ni shilingi 500,000 kwa mwaka, na anastahili wodi ya kawaida.

Bili ilikuwa hivi: chumba cha peke yake, siku 4 kwa 14,000, ni 56,000. Chumba cha upasuaji 45,000. Daktari mpasuaji 90,000. Daktari wa nusukaputi 30,000. Maabara na ultrasaundi 18,500. Dawa na vifaa 31,500. Chakula cha wageni, maji na taulo 4,000. Jumla 275,000.

Mkewe alikumbuka SHA. Tuseme sehemu yake ilikuwa 40,000, kwa hiyo familia ililipa 235,000.

Kampuni ikapitia. Ilikubali bila ubishi kwamba ni dharura, kwa sababu ripoti ya daktari ilikuwa kamili. Kisha ikakata.

Chumba: alistahili wodi ya kawaida, ambayo kwa bei ya paneli ni 8,500 kwa siku, yaani 34,000. Imekata 22,000. Mpasuaji: bei ya paneli kwa upasuaji huo ni 65,000, imekata 25,000. Daktari wa nusukaputi, ambaye malipo yake mara nyingi huhesabiwa kama theluthi hivi ya malipo ya mpasuaji, amekubaliwa 22,000, imekata 8,000. Chumba cha upasuaji na vipimo vimepita vyote. Kwenye dawa kulikuwa na mstari wa "vifaa mbalimbali" wa 6,500; umezuiwa. Vitu vya binafsi 4,000 havilipwi kamwe.

Gharama iliyokubalika ni 209,500. Toa 40,000 za SHA, zinabaki 169,500. Hizo ndizo zilizoingia benki. Pengo ni 65,500.

Kama mkataba wake ungekuwa ule wa asilimia 80, ikihesabiwa kwa hizo 169,500 zilizobaki, angepata 135,600. Na kama mke asingemtambulisha mgonjwa SHA, familia ingelipa 275,000 na huenda wangerudishiwa 169,500 zilezile.

## Hatua ya 9: Gawanya yanayobishika na yasiyobishika

Ukipokea malipo pungufu, omba mchanganuo wa maandishi: kila kilichokatwa na sababu yake. Usikubali jibu la simu. Kisha gawanya makato mafungu mawili.

Katika mfano wetu, 4,000 za vitu vya binafsi hazina kesi. Makato ya madaktari, 25,000 na 8,000, ni magumu, maana mkataba wenyewe unataja bei ya paneli. Unachoweza kuuliza ni bei hiyo imetoka hospitali gani. Kama wamelinganisha hospitali yenye madaktari bingwa na zahanati ndogo, waambie.

Mengine mawili yanarudi. "Vifaa mbalimbali": hospitali ilitoa orodha ya nyuzi, glavu na mipira ya mkojo, na 6,500 zikalipwa. Chumba: rekodi za wodi zilionyesha kwamba usiku wa kwanza na wa pili hapakuwa na kitanda cha wodi ya kawaida. Hospitali ikaandika barua, na kampuni ikarudisha tofauti ya siku hizo mbili, 5,500 kwa kila siku, jumla 11,000. Siku mbili za mwisho kitanda kilikuwepo na familia ikachagua kubaki chumba cha peke yake. Hizo hazikurudi, na kwa haki.

Mwalimu alipokea 187,000 kwa jumla. Alibeba 48,000 mwenyewe.

Dai likikataliwa lote, angalia sababu kwanza. "Si dharura" hujibiwa kwa ripoti ya daktari na karatasi ya mapokezi, si kwa malalamiko. "Hukujulisha" hujibiwa kwa namba ya kumbukumbu. "Ugonjwa wa zamani ulio ndani ya muda wa kusubiri" ni zito zaidi: mtu mwenye kisukari aliyejiunga miezi miwili iliyopita anaweza kuwa na dharura ya kweli kabisa na bado asilipwe, kwa sababu mkataba ulikwishauweka ugonjwa huo nje kwa kipindi hicho. Hapo uliza jambo moja: dharura hii imetokana na ugonjwa huo, au viwili hivyo vilikutana tu ndani ya mwili mmoja? Mgonjwa wa kisukari aliyevunjika mguu kwa pikipiki hakuvunjwa na sukari.

Andika rufaa kwa kampuni, ukurasa mmoja, jambo moja kwa aya, kila aya na kiambatisho chake. Omba jibu la mwisho kwa maandishi. Ukilipata na bado huridhiki, au wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, inayosimamia kampuni zote za bima Kenya. Ambatisha mkataba, dai, mchanganuo wa makato, rufaa yako na jibu lao. Kitu cha kwanza watakachotaka kujua ni kama ulikwishaiandikia kampuni. Kwa hiyo nakala ya rufaa yenye muhuri wa mapokezi iwe juu kabisa.